Choo kikivutwa, dushi inalia: je, tuvunje jiwe?

«Jambo fundi. Nyumba yetu iko Ndosho, hapa Goma, tumehamia mwaka huu. Lavabo iko mwanzo wa mstari, halafu dushi, halafu choo, ndipo tiyo inatoka nje kwenda fosi. Kila tukivuta maji ya choo, dushi inalia glu glu, na usiku harufu ya fosi inajaa ndani. Plombye wa kwanza anasema panti ni ndogo, tuvunje jiwe tushushe tiyo. Wa pili anasema jiwe tuliache, tupandishe tiyo ya hewa juu ya paa. Lakini fosi ina tiyo yake ya hewa tayari! Kutoka ukutani mpaka fosi ni mita 14, na tumepima tiyo inashuka sentimita 30 hivi. Tumsikilize nani?»

Mama, msikilize wa pili, ila usimlipe kabla hujafanya majaribio mawili nitakayokueleza. Hayana gharama, na yatakuonyesha kwa macho yako kama ana haki.

Tuanze na panti, kwa sababu ndiyo inayotishia mfuko wako. Sentimita 30 ukizigawa kwa mita 14 unapata sentimita 2 na kidogo kwa kila mita. Tiyo ya choo, ile nene ya milimita 100 au 110, inafanya kazi vizuri ikishuka kati ya sentimita 1 na 3 kwa mita, na mafundi wengi hulenga 2. Yako iko palepale inapotakiwa. Kama plombye wa kwanza anataka kuifikisha 5 kwa mita, mwisho wake utashuka sentimita 70 badala ya 30. Maana yake ni kuchimba sentimita 40 zaidi za lava kule mwisho, na shimo la fosi lenyewe litabidi lishushwe, maana mdomo wa kuingilia uko kwenye kimo chake na hauwezi kuifuata tiyo chini. Kwa nyundo na patasi kwenye jiwe la Nyiragongo, hiyo ni kazi ya kumaliza pesa za madirisha.

Hata hivyo, kipimo cha mwanzo na mwisho peke yake hakitoshi. Tiyo inaweza kuwa na sentimita 30 kwa jumla na bado ikawa na tumbo katikati, yaani mahali ilipozama kisha ikapanda tena kidogo. Goma jambo hili si geni, kwa sababu tiyo hulazwa juu ya jiwe lenye meno, kisha mashimo yanajazwa kokoto za lava ambazo baada ya mvua mbili tatu zinakaa chini. Tiyo inabaki imeegemea meno mawili na katikati inalegea. Ilipaswa kulazwa juu ya mchanga wa sentimita 10 hivi, bila jiwe lolote kuigusa.

Kuangalia kama kuna tumbo, chukua tiyo ya nivo, ile ya plastiki inayoonyesha maji ndani, ambayo kila masoni anayo. Fukua kidogo mahali patano mpaka uone mgongo wa tiyo: ukutani, mita 3 na nusu, mita 7, mita 10 na nusu, na kwenye fosi. Piga vigingi, uhamishe alama moja ya kimo kwa tiyo ya nivo kwenye vigingi vyote, kisha pima kutoka kila alama kwenda chini mpaka kwenye mgongo. Tuseme ukutani umepata sentimita 40. Ukipata baada ya hapo 47, 55, 62 na 70, tiyo inashuka sawasawa na hakuna haja ya kuigusa. Ukipata 47, 60, 59 na 70, basi kwenye mita 7 kuna tumbo: tiyo imezama mpaka 60 halafu imepanda hadi 59. Hapo utafukua sehemu hiyo tu, utainua tiyo, utatia mchanga chini yake, na biashara imekwisha. Huhitaji kuvunja mita 14 zote.

Tumbo lina dalili zake, na si zile ulizoniandikia. Choo hushuka polepole, maji hupanda kwenye bakuli kabla ya kuondoka, na kila baada ya wiki chache mtu anaitwa na fimbo kuzibua. Wewe hukuniambia chochote kuhusu kuziba. Umeniambia sauti na harufu, na hivyo viwili vikija pamoja mimi kwanza naangalia hewa.

Tiyo ya maji machafu haifanani na ile ya Regideso. Ya Regideso inajaa maji na kuna nguvu nyuma yake, ndiyo maana inaweza kupanda ukuta. Ya maji machafu haina anayeisukuma, ina mteremko tu, na haikutengenezwa ijae. Maji hupita chini, na nafasi iliyobaki juu ni njia ya hewa. Panti inahudumia maji: inayapa mwendo wa kutosha kubeba uchafu. Lakini hewa nayo ni lazima iwe na mahali pa kuingilia na pa kutokea, vinginevyo maji hayawezi kwenda bila kuivuta au kuisukuma. Umeshamimina maji kutoka bidoni ya lita 20: ukiinamisha mdomo ukajaa, yanatoka kwa kukwama, glu, glu, kwa sababu kila tone linalotoka linadai hewa iingie. Toboa tundu dogo juu ya mpini, yanatoka laini. Dushi yako inalia sauti hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuifuate lita moja moja. Umevuta maji ya choo. Kwa sekunde chache lita 6 hadi 9 zinaingia kwa kishindo kwenye tiyo ya 110, na pale zinapoingia zinaijaza karibu yote. Fungu hilo la maji linakimbia kuelekea fosi. Mbele yake linasukuma hewa. Nyuma yake linaacha upungufu, na upungufu lazima ujazwe na hewa kutoka mahali fulani. Nyuma ya choo, kwenye mstari wako, kuna nini? Kuna dushi na lavabo, basi. Hakuna tiyo iliyo wazi kwa anga. Hewa itakayoingia haina njia nyingine ila kupita kwenye sifoni ya mojawapo.

Na sifoni ni mlango dhaifu kuliko watu wanavyofikiri. Ni maji tu yaliyobaki kwenye mkunjo wa tiyo, au chini ya kile kikombe cha dushi. Sifoni nzuri inabakiza sentimita 5 za maji. Uzito wa sentimita 5 za maji haufiki hata asilimia 1 ya nguvu ya hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo hewa ndani ya tiyo ikipungua kidogo sana, hewa ya bafu inayasukuma maji ya sifoni, yanamwagikia kwenye tiyo, na hewa inapita kwa sauti. Ukisikia glu glu, ujue hewa ya chumba chako inaingia kwenye tiyo. Sauti ikiisha, maji yaliyobaki kwenye sifoni ni machache, pengine sentimita 1, pengine hakuna.

Kwa nini dushi na si lavabo? Kwa sababu hewa hupita penye maji machache. Sifoni ya lavabo ni ule mkunjo wenye kina. Vikombe vingi vya dushi vinavyouzwa madukani vina kina cha sentimita 2 tu, hata kabla hujavuta choo. Na kuna nyumba ambako nimekuta kile kikombe cha ndani kimetolewa kabisa na kutupwa, kwa sababu kilikuwa kinashika nywele. Mama, kabla ya yote inua kifuniko cha dushi uangalie kama kikombe kipo. Kama hakipo, hata tiyo ya hewa ya kanisa kuu haitazuia harufu.

Na harufu ya usiku? Mchana watu wanaoga, sifoni inajazwa tena kila mara. Jioni wa mwisho kuoga amemaliza, halafu watu wanavuta choo mara kadhaa kabla ya kulala, sifoni inanyonywa na hakuna anayeijaza. Madirisha yamefungwa kwa baridi. Mlango wa maji umeondoka, na fosi inapumua ndani ya nyumba mpaka asubuhi.

Jaribio la kwanza ni la kijiti. Mimina maji kwenye dushi mpaka sifoni ijae, subiri yatulie. Ingiza kijiti kikavu chembamba mpaka chini, kitoe, weka alama ya wino pale ubichi ulipoishia. Sasa mtu avute choo, wewe ukiwa umeinama na tochi. Angalia kwa makini maji yanafanya nini. Yakivutwa kwenda chini kwanza, hewa inanyonywa na tatizo liko nyuma ya choo, kama ninavyoshuku. Yakirushwa juu na mapovu kutoka chini, basi hewa inasukumwa kuja kwako, na tatizo liko mbele, upande wa fosi. Baada ya sauti kuisha, ingiza kijiti tena. Kama ubichi umeshuka nusu au zaidi, umeona kwa nini kunanuka.

Jaribio la pili ndilo linaloamua kesi ya plombye wako wawili. Weka ndoo chini ya lavabo, fungua sifoni yake kwa mkono, ile ya plastiki inayozungushwa, uitoe. Sasa tiyo ya lavabo iko wazi, na kwa muda umejitengenezea tiyo ya hewa mwanzo wa mstari. Fungua dirisha, maana itanuka. Jaza tena sifoni ya dushi, vuta choo, sikiliza. Dushi ikinyamaza, au ikilia kidogo sana tu (tiyo ya lavabo ni nyembamba, haipitishi hewa nyingi), basi ulichokosa ni hewa, na panti haihusiki. Rudisha sifoni mahali pake, na usiache tundu hilo wazi hata usiku mmoja.

Umesema fosi ina tiyo yake ya hewa tayari, na hapo ndipo watu wengi Goma wanapopotea. Tiyo ile inafanya kazi, lakini iko upande usiofaa. Fungu la maji linapokimbia, liko katikati: fosi mbele yake, dushi nyuma yake. Hewa ya kule fosi haiwezi kupita ndani ya maji kuja kujaza upungufu ulio nyuma. Inasaidia kitu kimoja tu, nacho ni kuipokea hewa inayosukumwa mbele. Na hata hilo linategemea kifaa kimoja ambacho masoni wengi hukikosea.

Pale tiyo inapoingia kwenye fosi panatakiwa kuwe na te. Mguu wake wa chini unazama ndani ya maji ya fosi ili uchafu usivuruge utando wa juu, na mdomo wake wa juu unabaki wazi, juu ya maji, ndani ya nafasi ya hewa ya fosi. Kwa mdomo huo wa juu, hewa ya tiyo na hewa ya fosi zinakutana. Sasa masoni asiye na te anaweka kude inayotazama chini, mdomo wake ndani ya maji. Kwa macho inafanana. Lakini mwisho wa tiyo umezibwa na maji, hewa inayosukumwa haina pa kwenda, inarudi nyuma na kutokea kwenye dushi kama mapovu. Kama kijiti na tochi vimekuonyesha mapovu yanayopanda, nenda kwa masoni aliyejenga fosi umuulize aliweka te au kude. Atakumbuka, maana te ni ghali kuliko kude.

Tuseme majaribio yamethibitisha ninachoshuku. Kazi ya plombye wa pili ni hii. Tiyo ya hewa ianzie mwanzo wa mstari, nyuma ya lavabo, kwa hiyo kila kifaa kiko kati yake na fosi. Ichipuke kutoka mgongoni mwa tiyo kubwa, ikitazama juu, wala isitoke ubavuni ikiwa imelala. Ikitoka ubavuni ikiwa imelala, maji machafu yanaingia humo, karatasi na sabuni zinakauka, na baada ya muda una tiyo ya hewa iliyoziba ambayo hakuna atakayeishuku. Unene usipungue milimita 75. Mimi kwa nyumba yenye choo naendelea na ileile ya 100 au 110 mpaka juu, kwa sababu tofauti ya gharama ni ndogo na hakuna kona ya kubabaisha. Kama lazima ipite chini ya dari kwa mlalo kidogo, sehemu hiyo ishuke kurudi kwenye mstari, ili unyevu unaogandia ndani uteremke badala ya kutuama.

Juu ya paa itoke angalau sentimita 30 juu ya mabati. Kama kuna dirisha karibu kuliko mita 3, mdomo wa tiyo upite juu ya dirisha hilo kwa sentimita 90, la sivyo umehamisha harufu kutoka bafu kwenda chumba cha kulala. Tumia PVC, usitumie ya chuma: moshi wa volkano unaifanya mvua yetu iwe na asidi, na mabati yenyewe yanatuonyesha inavyokula chuma. Ipake rangi, kwa sababu jua la mita 1,500 linaifanya PVC iwe kavu na kuvunjika. Mdomoni weka wavu wa kuzuia ndege na mijusi, usiweke kofia iliyobana. Na mahali inapotoboa mabati, dai kola na silikoni, vinginevyo utaniandikia tena masika kuhusu dari.

Huenda mtu mwingine akakupendekezea klape, kile kifaa kidogo chenye utando kinachoruhusu hewa kuingia bila kuiruhusu kutoka. Kinafaa chini ya lavabo iliyo mbali, mahali ambapo huwezi kufika paani. Lakini hakiwezi kuwa tiyo ya hewa pekee ya nyumba, kwa sababu hewa inayosukumwa inahitaji kutoka, na klape haitoi. Utando wake pia ukichoka, unabaki wazi na kunuka. Mwingine atakuambia uongeze sifoni ya pili, kwenye regari ya nje, lile shimo dogo lenye kifuniko ambalo tiyo inapitia, ili harufu izuiwe mara mbili. Kataa. Sifoni mbili kwenye mstari mmoja zinafunga hewa katikati yao isiyo na mlango wowote, na kila maji yakipita hewa hiyo inajitafutia njia kupitia dushi. Utakuwa umelipia ugonjwa uleule.

Kwa kuwa plombye atakuwa ameshafungua ukuta wa lavabo, mwambie aangalie kitu kimoja zaidi. Kwenye tiyo ndogo panti kubwa ni hasara. Tiyo ya lavabo ya milimita 40 ikishuka sentimita 2 kwa mita, baada ya mita 2 imeshuka sentimita 4, yaani unene wake wenyewe. Mpaka hapo ni sawa. Ikiendelea kabla ya kukutana na hewa, mgongo wake kule mwisho unakuwa chini kuliko mahali maji yanapomwagikia kutoka kwenye sifoni. Maji ya lavabo yakijaza tiyo, yanakuwa mkia mrefu unaoning'inia na kuvuta, na unainyonya sifoni yake mwenyewe, hata bila choo kuvutwa. Ukiipa sentimita 5 kwa mita kwa kudhani unaisaidia, umbali huo unapungua hadi sentimita 80 tu. Ndiyo maana sifoni inayotumbukia moja kwa moja sakafuni, kwa umbo la S, hulia kila unapotoa kizibo, na ile inayotoka kwa mlalo kwenda ukutani hukaa kimya. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu: kutoka sifoni mpaka mahali penye hewa, tiyo isishuke zaidi ya unene wake.

Ndugu zetu wa Bukavu wana shida iliyo kinyume na ya Goma: parseli imeinama kama ngazi na hakuna anayetafuta mteremko. Huko tiyo kubwa hailazwi kufuata kilima. Inalazwa kwa 2 au 3, inafika kwenye regari, inashuka wima ndani ya regari, inaendelea tena kwa 2 au 3 mpaka regari inayofuata. Kwenu Ndosho huhitaji hayo. Jiwe lako liache lilale.

Tiyo ya hewa ikishakamilika, kabla hujamaliza malipo, rudia kijiti mbele ya plombye mwenyewe: jaza, weka alama, vuta choo mara tatu mfululizo, pima tena. Alama isishuke zaidi ya sentimita 1. Kama kikombe cha dushi ni kile cha sentimita 2, kibadilishe siku hiyohiyo kwa kimoja chenye kina cha 5. Na kama kuna dushi ya chumba cha wageni isiyotumika, hasa Juni mpaka Agosti mvua inapokatika, maji ya sifoni yatakauka yenyewe kwa joto la chumba, hakuna aliyeyanyonya. Mimina kopo la maji kila wiki mbili, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke haraka.

Kuna jambo moja ambalo sitaki plombye yeyote alifanye kwako, wala mtoto wa jirani kwa kutaka kusaidia: kuingia kwenye fosi kuangalia ile te, au kuinama na kichwa ndani ya mdomo wake. Gesi ya fosi ina harufu ya mayai yaliyooza ikiwa kidogo, na ikizidi pua inaacha kuisikia. Goma tuna na mazuku pia, ile hewa nzito inayotoka kwenye nyufa za lava, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake. Haina harufu, inatuama mashimoni, na shimo lililochimbwa ndani ya jiwe ni mahali inapopenda kukaa. Watu husema mshumaa utaonyesha kama kuna hewa, lakini kwenye fosi kuna gesi inayoshika moto, kwa hiyo hakuna mshumaa, hakuna kiberiti, hakuna sigara. Te inaangaliwa kwa tochi na kioo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, kifuniko kikiwa kimeachwa wazi kwa muda mrefu na watu wakiwa wamesimama upande upepo unakotoka. Ikiwa mtu ameanguka ndani, asiingie mwingine kumfuata. Kama kude imekutwa mahali pa te, isubiri siku fosi itakaponyonywa na gari, na hata siku hiyo ibadilishwe kwa kukata tiyo kutoka nje ya ukuta wa fosi na kusukuma te mpya ndani kwa mkono.

Ukishapata alama za kijiti, niandikie namba zote mbili, kabla na baada, pamoja na kama maji yalivutwa chini au yalipanda kwa mapovu.